Lundo la mboji limegoma: dalili, vyanzo na namna ya kulirudisha kazini

Watu wanaooza mabaki ya shamba hulalamikia mambo yaleyale. Lundo halipati joto. Lilipata, likapoa mapema. Linanuka. Linatoa moshi. Au mboji inaonekana imeiva, lakini miche iliyopandwa humo inageuka njano. Mwongozo huu unafuata dalili hizo moja baada ya nyingine. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi ndicho kinachotangulia.

Mfano mkuu ni wa mabua ya mahindi na samadi. Wengi wanayo mabua mengi, na mabua ndiyo yanayosumbua kuliko majani laini. Ukishajua kuliendesha lundo la mabua, la majani ya migomba au makapi ya maharage halitakushinda.

Vipimo vitatu kabla ya kugusa chochote

Joto hupimwa katikati ya lundo, si juu. Chomeka kipimajoto cha mkono mrefu hadi kina cha nusu mita, sehemu tatu tofauti, kisha uandike. Kama huna kipimajoto, chomeka kipande cha nondo na ukiache humo dakika kumi. Ukikichomoa na kushindwa kukishika zaidi ya sekunde chache, lundo lina joto la kazi, yaani nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi. Kikiwa vuguvugu tu, halijawaka. Kikitoka baridi na kikavu, tayari umeshapata nusu ya jibu.

Unyevu hupimwa kwa kiganja. Chimba hadi ndani, chota konzi moja, ikamue kwa nguvu zako zote. Likitoka tone moja au mawili kati ya vidole, unyevu uko karibu asilimia 55, na hapo ndipo unapotakiwa. Ikishikana kama kitonge bila kutoa tone, bado inafaa lakini inaelekea kukauka. Ikimomonyoka ukifungua mkono, ni kavu. Maji yakichuruzika, yamezidi. Ukitaka uhakika, pima gramu 100 za mchanganyiko huo, zikaushe polepole kwenye kikaango hadi uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 45, unyevu ulikuwa asilimia 55.

Kipimo cha tatu ni pua. Harufu ya msitu baada ya mvua ni nzuri. Harufu inayowasha macho ni amonia. Harufu ya mayai viza ni ukosefu wa hewa. Hizi mbili zinatibiwa kwa njia tofauti, kwa hiyo usiziite zote "uvundo" tu.

Dalili ya kwanza: siku tano zimepita na lundo halijapata joto

Lundo lililopangwa vizuri hufika nyuzi 50 hadi 65 ndani ya siku mbili hadi nne. Siku ya tano ikikuta liko karibu sawa na hewa ya nje, kuna kasoro. Wengi hukimbilia kuongeza samadi. Mimi nasema subiri, kwa sababu chanzo cha kwanza kwa mabua ni ukavu, na samadi haitibu ukavu uliojificha ndani ya bua.

Bua la mahindi lina ganda gumu lenye nta. Ukilimwagia maji kwa ndoo, maji hupita pembeni na kuishia chini, na wewe unaona tope chini na kudhani lundo limelowa. Pasua bua moja lililotoka katikati ya lundo kwa kucha. Moyo wake ukiwa mweupe na mkavu kama sponji jipya, vijidudu havina pa kuanzia. Tiba ni kuyakata mabua vipande vya urefu wa kidole, sentimita 5 hadi 10, kuyaloweka usiku kucha, na kuyapanga upya. Kukata kwa panga kunachosha, ndiyo maana watu hukuruka. Lakini ndiko kunakoingiza maji, na pia kunaongeza sehemu ambazo vijidudu vinaweza kushambulia.

Chanzo cha pili ni upungufu wa naitrojeni. Vijidudu hula kaboni kupata nguvu na hutumia naitrojeni kujenga miili yao. Vikikosa naitrojeni haviongezeki, na bila wao kuongezeka hakuna joto. Uwiano mzuri wa kuanzia ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, kwa uzito. Mabua makavu yana karibu 60 hadi 75 kwa moja. Samadi mbichi ya ng'ombe iko karibu 20. Mbolea ya kuku isiyochanganywa na matandiko iko chini ya 10. Maranda ya mbao hupita 200, na mara nyingi yanafika mamia kadhaa. Majani mabichi ya mikunde na nyasi changa yako karibu na samadi ya ng'ombe.

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Watu husikia "samadi ya ng'ombe ina naitrojeni" na kuchanganya debe kwa debe, au kilo kwa kilo. Wanasahau kwamba samadi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 80. Katika kilo 100 za samadi umebeba kilo 20 tu za kitu kikavu.

Jirani yangu mmoja alikuwa na lundo la namna hiyo hiyo: kilo 100 za mabua na kilo 100 za samadi mbichi. Siku ya saba katikati kulikuwa na nyuzi 31, wakati hewa ya nje ilikuwa 26. Aliniambia, "Ndugu yangu, hili limekufa, nataka kulichoma." Tulipochimba, samadi ilikuwa imelowa na mabua yalikuwa makavu. Tukayakata, tukayaloweka, tukaingiza takriban lita 40 za maji. Siku ya tatu lundo likafika nyuzi 48. Siku ya sita likashuka hadi 38, ingawa kiganja kilionyesha unyevu wa kutosha na hakukuwa na harufu mbaya. Sasa tulikuwa na haki ya kuishuku naitrojeni.

Hesabu yake ni hii. Kilo 100 za mabua yenye unyevu wa asilimia 12 zina kilo 88 za kitu kikavu. Humo kaboni ni kama asilimia 45, yaani kilo 39.6, na naitrojeni ni asilimia 0.7, yaani kilo 0.62. Kilo 20 kavu za samadi zina kaboni kilo 8 na naitrojeni kilo 0.4. Jumla ni kaboni 47.6 kwa naitrojeni 1.02. Ukigawanya unapata 47. Lundo lilikuwa na njaa.

Je, angeongeza samadi ya ng'ombe ileile mpaka afike 30? Angehitaji kilo 530 hivi za samadi kwa kilo 100 za mabua. Na kwa kuwa samadi hiyo ni maji, lundo zima lingekuwa na unyevu wa karibu asilimia 69, likaziba, likaanza kunuka. Samadi mbichi ya ng'ombe peke yake haiwezi kuyabeba mabua. Hurekebisha chakula huku ikiharibu maji. Ndiyo maana lundo la mabua linataka chanzo cha tatu, chenye naitrojeni nyingi na maji kidogo.

Tulitumia mbolea ya kuku iliyokauka nusu, kilo 32. Kwa unyevu wa asilimia 40, ilileta kilo 6 za kaboni na karibu kilo 0.77 za naitrojeni, na uwiano ukashuka hadi 30. Tukaongeza lita 10 za maji tulipokuwa tunapindua, ili unyevu ufike asilimia 55. Siku ya tatu kipimajoto kilisoma 62.

Kama huna kuku, majani mabichi ya maharage, karanga au mikunde mingine yatasaidia, ila unahitaji mengi zaidi, na maji yake uyahesabu kama ya samadi. Mkojo wa ng'ombe pia ni chanzo kizuri. Utumie badala ya sehemu ya maji ya kulowekea, usiumwage juu ya lundo lililokwisha kulowa. Na kumbuka kwamba tarakimu zangu ni za mfano. Samadi iliyokaa juani wiki tatu imeshapoteza sehemu ya naitrojeni yake hewani, na mbolea ya kuku iliyochanganywa na maranda haina nguvu ya ile iliyo safi. Anza na hesabu, kisha sikiliza kipimajoto.

Kuna tahadhari nyingine kwa wanaopenda maranda. Kaboni ya mbao imefungwa kwenye sehemu ngumu ambayo vijidudu huichukua polepole. Hesabu inaweza kukuambia uongeze naitrojeni nyingi, ukaiongeza, na nusu yake ikapaa kama amonia kabla kaboni ile haijafunguka. Maranda yatumie kidogo, na usitegemee hesabu yake.

Vyanzo vingine ni vichache na rahisi. Lundo dogo hupoteza joto kuliko linavyolizalisha. Chini ya mita moja kwa kila upande usitegemee joto kubwa, hata kama mchanganyiko ni sahihi. Ongeza vifaa, au unganisha malundo mawili. Lundo lililolowa kupita kiasi nalo halipati joto, lakini huanza kunuka, na tutalifikia.

Dalili ya pili: lilipata joto, sasa limepoa

Kupoa si ugonjwa daima. Lundo linalokula vizuri hutumia hewa iliyo ndani, hupungua kimo na hujibana. Baada ya wiki moja hivi joto hushuka kwa sababu oksijeni katikati imekwisha. Pindua, ukileta nje ndani na ndani nje. Likirudi juu ya nyuzi 50 ndani ya siku mbili, tatizo lilikuwa hewa na umelimaliza.

Lisiporudi, rejea kiganja. Wiki ya kwanza ya joto hukausha lundo sana, maana mvuke unaouona asubuhi ni maji yanayoondoka. Mara nyingi lita chache zilizomwagwa taratibu wakati wa kupindua, tabaka baada ya tabaka, hutosha. Maji ya kumwaga juu baada ya kufunika lundo hayafiki popote.

Kama maji na hewa vipo na bado halirudi, mawili yamebaki: naitrojeni imekwisha, au lundo limemaliza kazi ya joto na linaingia hatua ya kupevuka. Angalia mabua. Yakiwa bado yanatambulika na magumu, ni naitrojeni. Yakiwa yamelainika, yanavunjika kwa vidole na rangi imekuwa kahawia iliyokolea, liache lipevuke.

Kwa wanaotumia samadi kwenye mboga, joto lina kazi nyingine: kuua vimelea vya magonjwa na mbegu za magugu. Kanuni inayotumiwa kwa malundo ya wazi ni kubaki nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na katika muda huo kupindua angalau mara tano. Mara tano kwa sababu ngozi ya nje ya lundo daima iko baridi, na kila sehemu lazima ipate zamu ya kukaa katikati. Mtu aliyepindua mara moja tu hana haki ya kushangaa magugu yakiota kwenye kitalu.

Dalili ya tatu: harufu kali inayowasha macho

Hiyo ni amonia, yaani naitrojeni uliyoibeba kwa jasho inapaa. Chanzo cha kawaida ni naitrojeni kuzidi. Uwiano ukishuka chini ya 20, vijidudu hushindwa kuitumia yote. Lundo lenye mbolea nyingi ya kuku na mabua machache huwa hivi. Chanzo cha pili ni majivu au chokaa. Watu huinyunyizia "kupunguza asidi", lakini majivu hufanya lundo kuwa la alikali, na katika hali hiyo amonia hutoka kwa wepesi zaidi. Lundo la mabua na samadi kwa kawaida halihitaji majivu wala chokaa.

Kwanza angalia kama harufu inatoka muda wote au unapopindua tu. Harufu fupi wakati wa kupindua lundo changa haina neno. Ikidumu, changanya ndani mabua makavu yaliyokatwa, karibu debe moja kwa kila madebe manne ya lundo, kisha ongeza maji kidogo kwa sababu mabua hayo yatanyonya. Funika kwa tabaka la mboji iliyopevuka lenye unene wa kiganja. Tabaka hilo hukamata amonia inayotoka. Pima tena baada ya siku mbili kabla ya kuongeza zaidi.

Usifanye kazi hii ndani ya banda lililofungwa. Koo likianza kukereketa, toka nje mara moja na uache hewa ipite.

Dalili ya nne: harufu ya mayai viza, tope na maji meusi

Hapa hewa imekatika, na chanzo cha kwanza ni maji mengi. Mvua imeingia, au samadi mbichi imezidi kama ile hesabu ya kilo 530. Chanzo cha pili ni vifaa laini kupita kiasi: majani ya nyasi yaliyokatwa, pumba au maranda yaliyowekwa kwa tabaka nene hugandana kama mkeka. Chanzo cha tatu ni lundo refu mno, ambalo chini yake limekandamizwa na uzito wake lenyewe.

Fungua lundo, ulitandaze saa chache, kisha upange upya kwa kuchanganya mabua makavu ya kutosha. Usitumie maranda kunyonya maji. Yatanyonya, ndiyo, lakini yataziba njia za hewa zilizobaki. Chini kabisa weka tabaka la mabua mazima yasiyokatwa, unene wa sentimita 15 hadi 20, ili hewa iingie kutoka chini. Likijengwa kwenye mteremko mdogo, maji hayatasimama. Juu weka turubai kama paa, lakini pembeni liache wazi. Watu hulifunga pande zote kisha wanashangaa linanuka.

Maji meusi yanayotoka chini yazuie yasifike kisimani au mtoni. Yamwage tena juu ya lundo kavu. Usiyamwagilie mboga zinazoliwa mbichi, kwa kuwa hayajapita kwenye joto na yanaweza kuwa na vimelea vya samadi.

*Simama hapa.* Kama mboji yako iko kwenye shimo refu na inanuka mayai viza, usishuke. Gesi nzito hukaa chini, na harufu ile ikizidi pua huacha kuisikia. Mwenzako akianguka humo, usimfuate kwa mikono mitupu. Piga kelele, ita zima moto au waokoaji wenye vifaa vya kupumulia. Ndiyo sababu mimi hupenda lundo la juu ya ardhi kuliko shimo.

Dalili ya tano: nyuzi 70 na kuendelea, unga mweupe, moshi

Joto likipita 65, vijidudu vyenye kazi vinaanza kufa, na juu ya 70 wengi wao wamesimama. Ukikuta unga wa kijivu cheupe kama majivu katikati, hilo halijaungua. Ni viumbe wadogo wanaopenda joto na ukavu, na wanakuambia lundo ni kavu na la moto. Pindua ukimwagia maji, na upunguze kimo kibaki kati ya mita 1.2 na 1.5. Funika pua na mdomo kwa kinyago kizuri unapopindua lundo kavu. Vumbi lake lina mbegu za ukungu zinazodhuru mapafu, hasa kwa mwenye pumu au kinga dhaifu.

Lundo dogo la kaya halishiki moto lenyewe kirahisi. Hatari ni ya malundo makubwa, yenye kimo cha mita mbili, tatu au zaidi, ambayo ndani yamekauka kiasi. Likiwa na unyevu mwingi, maji hulipoza. Likiwa kavu kabisa, hakuna kijidudu cha kuzalisha joto. Kati ya hapo ndipo joto hujikusanya bila njia ya kutoka. Pima kina kirefu na sehemu nyingi. Joto likiendelea kupanda baada ya 75, au ukaona moshi, hilo si suala la mboji tena.

Tofautisha mvuke na moshi kwa pua. Mvuke hunuka unyevu na hupotea haraka hewani. Moshi hunuka kitu kilichoungua na hubaki.

*Simama hapa.* Lundo kubwa linalotoa moshi usilifungue wala kulipindua. Hewa ikiingia ghafla, kaa lililo ndani huwa mwali. Usipande juu yake, kwa sababu ndani kunaweza kuwa na tundu lililoungua na ukazama. Ondoa vitu vinavyoshika moto pembeni, weka maji tayari, na uwaite zima moto.

Dalili ya sita: mboji imeiva kwa macho, lakini mimea inateseka

Kwanza hakikisha imepevuka kweli. Lowesha konzi chache, ziweke kwenye mfuko wa plastiki, uufunge vizuri na kuuacha ndani ya nyumba siku tatu. Ukifungua na kukuta harufu ya udongo, sawa. Ukikuta uchachu au amonia, bado inakula, nayo itakula mizizi ya miche. Irudishe kwenye lundo, uiweke mwezi mmoja mwingine.

Miche ikiwa njano kote, hasa majani ya chini, huenda mboji ina kaboni nyingi ambayo haijaliwa. Ukiichimbia ardhini, vijidudu vya udongo hunyang'anya mimea naitrojeni ili kuimaliza. Vipande vya mabua vinavyoonekana ni ushahidi. Usiichimbie. Itandaze juu ya udongo kama matandazo, au irudishe na mbolea ya kuku kidogo.

Dalili inayonitia wasiwasi kuliko zote ni majani machanga kujikunja kama kikombe na shina kujisokota. Huo si upungufu wa chakula. Dawa fulani za kuua magugu ya majani mapana, kama aminopiralidi, klopiralidi na pikloramu, hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuharibika, hukaa kwenye samadi, na hustahimili hata joto la lundo. Ng'ombe wakila malisho yaliyopuliziwa, samadi yao inaibeba. Nyanya, maharage na viazi huumia kwa kiasi kidogo sana.

Kipimo chake kinafanyika nyumbani. Chukua vikopo sita vyenye matundu chini. Vitatu jaza mchanganyiko wa mboji na udongo safi nusu kwa nusu, vitatu udongo huohuo peke yake. Panda maharage matatu kila kimoja, mwagilia sawa, na uangalie jani la tatu linapotoka, yaani baada ya wiki mbili hadi tatu. Yakijikunja kwenye mboji tu na si kwenye udongo, usitumie mboji hiyo kwenye bustani ya mboga. Chukua kopo moja, umpelekee afisa ugani au maabara ya udongo. Huwezi kuiondoa dawa hiyo kwa kupindua tu. Nyasi na mahindi huivumilia zaidi, lakini ushauri wa mahali pa kuitumia uutafute kwa mtaalamu aliyeiona sampuli.

Mzoga wa mnyama nao usiuweke kwenye lundo la kawaida. Kama mnyama alikufa kwa ugonjwa usioeleweka, mwite daktari wa mifugo kabla ya kuugusa.

Yaliyobaki, kwa kifupi

Inzi na funza humaanisha samadi iko wazi juu. Ifukie ndani kwa kupindua, kisha funika kwa mabua makavu. Mchwa wakiingia, lundo ni kavu: maji na kupindua huwafukuza, dawa haihitajiki. Panya wanakuja kwa nafaka iliyobaki kwenye magunzi, kwa hiyo pukusa kwanza. Minyoo mingi ukiikuta chini ya lundo lililopoa, usiipinge. Liache lundo hilo kama lilivyo na uchukue lingine la kuanzisha.